Punje kwenye krimu ya mikono: panthenoli na alantoini zinaongeza nini hasa

*Shikamoo mama. Natengeneza krimu ya mikono nyumbani, Kisauni, na wateja wangu wengi ni akina mama fua. Muuzaji wa malighafi aliniambia nikitia panthenoli na alantoini nitauza bei maradufu. Kwenye kilo moja yenye gliserini gramu 150 nikatia panthenoli gramu 50 na alantoini gramu 20. Panthenoli nilinunua gramu 100 kwa shilingi 600, alantoini gramu 50 kwa shilingi 300. Siku ya tatu krimu ikatoa punje kama mchanga, tena inanata. Nilikosea wapi, na vitu hivi vinaongeza nini hasa juu ya krimu ya kawaida?*

Marahaba mwanangu. Nianze na mchanga, maana ukiuelewa huo umeshaielewa nusu ya alantoini.

Zile punje ni alantoini yenyewe iliyorudi kuwa unga. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba alantoini gramu 5 hivi, haizidi sana hapo. Krimu yako ya kilo moja haina lita nzima ya maji. Ukishaondoa mafuta, nta, gliserini na hiyo panthenoli, tuseme umebakiwa na maji gramu 600. Hayo yanabeba gramu 3 tu. Wewe umetia 20. Maji yalipokuwa ya moto yaliimeza yote, ukaona sufuria imetulia na maji ni meupe, ukaridhika. Krimu ilipopoa, zile gramu 17 zilizozidi zikakosa pa kukaa. Hazikutoka papo hapo kwa sababu fuwele huanza ndogo zisizoonekana, kisha huvutana na kukua usiku baada ya usiku. Ndiyo maana siku ya kwanza ulipaka ikateleza vizuri, na ya tatu ikakukwaruza.

Kama punje zingekuwepo tangu siku ya kwanza ningekuambia jambo jingine: kwamba uliitia alantoini mwishoni krimu ikiwa imeshapoa, na haikuyeyuka hata kidogo.

Lakini usiniamini kwa maneno. Si kila mchanga kwenye krimu ni alantoini. Siagi ya shea ikipozwa taratibu hufanya vipunje, na nta isiyoyeyuka vyema hufanya hivyo hivyo. Chukua punje moja, iweke katikati ya vidole viwili uisugue pole pole. Ya shea italainika na kupotea kwa joto la vidole. Ya alantoini itabaki ngumu, na ya nta huenda nayo ikabaki. Halafu chukua nyingine uitupe kwenye kijiko cha maji ya moto: ya shea au ya nta itayeyuka na kuelea kama tone la mchuzi, ya alantoini itatoweka na maji yabaki safi. Nilipoanza kazi hii nilitupa sufuria nzima nikilaumu shea, nikabadilisha shea mara mbili, na mchanga ukanirudia kila mara. Kijiko hicho cha maji ya moto kingenifunua macho siku ile ile.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa. Mama fua anaingiza mikono kwenye povu la sabuni ya unga tangu asubuhi. Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta: chembe zilizokufa ndiyo matofali, na mafuta ya ngozi ndiyo udongo unaoyashika. Sabuni hailiondoi tofali, inauondoa udongo. Udongo ukipungua, maji ya mwilini yanapita nje kwa urahisi, ngozi inakakamaa, inapasuka, na kila sabuni inayofuata inaingia ndani zaidi. Hapo ndipo anapokuambia mikono inamwaka moto akikamua ndimu.

Krimu ya kawaida inamsaidia kwa njia tatu. Gliserini inashika maji ndani ya tabaka la juu. Mafuta yanaziba nyufa na kulainisha. Vaselini inafunika juu maji yasikimbie, na katika kazi hiyo ya kufunika, hakuna kitu cha bei yake kinachoifikia. Hayo matatu ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi yote, na nakuomba uliweke hilo mbele ya kila jambo ninalosema baada ya hapa. Ukiwa na shilingi mia moja za kuboresha krimu yako, na vaselini haimo au ni kidogo mno, anza na vaselini.

Panthenoli inaingia baada ya hapo, na inaingia kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni ule ule wa gliserini: inavuta na kushika maji. Kama ingekuwa ni hilo tu ningekuambia usiinunue, kwa kuwa gliserini inalifanya kwa bei ndogo kuliko hiyo. Mguu wa pili ndio wenye thamani. Panthenoli ikipenya kwenye ngozi hugeuka kuwa asidi ya pantotheni, yaani vitamini B5, na chembe hai za ngozi huitumia kutengeneza koenzaimu A. Bila koenzaimu A chembe haziwezi kujenga mafuta. Kwa hiyo mahali ambapo gliserini inaleta maji, panthenoli inasaidia kurudisha ule udongo wa ukuta. Gliserini utaihisi dakika ile ile. Hili la pili linahitaji siku, mara nyingi wiki mbili tatu za kupaka bila kukosa.

Na si maneno ya muuzaji tu. Mwaka 2002 Proksch na Nissen walichapisha jaribio lililofanana sana na maisha ya wateja wako: ngozi ya watu iliwashwa makusudi kwa salfeti ya lauri, kisafishaji kikali cha jamii ile ile ya vitu vinavyotoa povu kwenye sabuni za kufulia, kisha ikatibiwa kwa dekspanthenoli. Ukuta wa ngozi ulijirudisha haraka zaidi, na wekundu na ukavu ukapungua. Angalia hapo ni ngozi ya namna gani: ni iliyoharibiwa na sabuni. Kwenye mikono ya karani ambaye ngozi yake ni nzima, panthenoli haina ukuta wa kujenga, na atakachohisi ni ulaini ambao gliserini ingempa. Wewe unawahudumia mama fua, kwa hiyo kwako ina sababu ya kuwemo.

Kiasi chake? Chini ya asilimia 1 siwezi kukuahidi kitu. Marhamu za dawa za panthenoli zinazouzwa duka la dawa huwa na asilimia 5, lakini hizo ni nzito, hupakwa mahali padogo kama matako ya mtoto yaliyoungua kwa nepi au chale mpya. Krimu ya mikono inayopakwa mara nne tano kwa siku, asilimia 2 inatosha. Yaani gramu 20 kwenye kilo, si 50.

Kabla hujapima hizo 20, angalia ulichonunua ni kipi. Kuna D-panthenoli na kuna DL-panthenoli. Ya D ndiyo ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini. Ni uji mzito unaong'aa, unachuruzika kama asali nzito, na ukitaka kuupima bila kuhangaika usimamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Ya DL huwa unga mweupe, na nusu yake tu ndiyo ya D. Nusu ya pili inashika maji sawasawa na mwenzake, ila kwenye ule ujenzi wa ukuta haichangii. Kwa hiyo gramu 20 za unga ni gramu 10 za kazi. Tena wako wanaouza ya D iliyochanganywa na maji, robo nzima ikiwa ni maji au hata nusu. Muulize muuzaji cheti cha mzigo, asilimia huwa imeandikwa. Asiyekuwa na cheti mwulize swali dogo tu: ni ya D au ya DL? Akishindwa kujibu, bei yake haina maana hata ikiwa nafuu.

Kunata kwa krimu yako kunatokana na hesabu tu. Gliserini gramu 150 na panthenoli gramu 50: umeweka vitu vinavyovuta maji gramu 200 kwenye kilo. Nairobi mwezi wa Julai huenda mtu akaivumilia. Huku kwetu hewa yenyewe ina maji. Usiku wa kaskazi shuka unalikuta na unyevu kabla hujalala. Gliserini inakunywa maji hayo, jasho halikauki, na mkono unabaki kama umeshika halua. Mteja hatakuambia, ataosha mikono baada ya dakika mbili, na krimu yote itaingia kwenye karo. Krimu inayooshwa haijafanya kazi, hata ingekuwa na nini ndani. Kwa pwani nimezoea gliserini asilimia 6 hadi 8, na panthenoli isizidi 2.

Alantoini nitaisema kwa uaminifu, ingawa huenda ukasikitika kwa hela yako. Sifa yake ya "kuponya" ina historia ya ajabu. Madaktari walikuwa wameona kwamba vidonda sugu vilivyoingiwa na funza husafika na kupona. Mwaka 1935 Mmarekani William Robinson akaandika kwamba alantoini imo katika majimaji ya funza hao, na kwamba inachochea kidonda kupona. Imo pia kwenye mizizi ya mmea mmoja wa Ulaya uliotumiwa tangu zamani kwa majeraha. Leo haitoki kwa funza wala kwenye mizizi, inatengenezwa kiwandani kutokana na urea, nawe usiwe na wasiwasi juu ya hilo. Lakini tazama: sifa ilianzia kwenye kidonda kilicho wazi, ikaletwa hadi kwenye kopo la krimu ya mikono mikavu bila kupungua hata neno. Inachofanya kwenye ngozi kavu ni kidogo zaidi na ni cha kweli: inalegeza keratini ya juu, ile ngozi ngumu inayobanduka, ili ilainike na mafuta yapite vizuri. Inatuliza kidogo. Ni mpole, si rahisi kumdhuru mtu. Ushahidi wake ukiwa peke yake ni mwembamba kuliko wa panthenoli, kwa sababu mara nyingi hupimwa ikiwa imechanganywa na vitu vingine.

Utaniuliza, mbona kuna krimu zinadai zina asilimia 2 na hazina mchanga? Ni kweli kwamba Marekani sheria ya bidhaa za kukinga ngozi inaruhusu kuanzia asilimia 0.5 hadi 2. Lakini ili kufika huko, kiwanda husaga alantoini kuwa unga laini mno na kuutawanya ndani ya krimu bila kuuyeyusha, kwa mashine ambazo mimi na wewe hatunazo. Kwa sufuria na mashine ya mkono, kaa ndani ya kile ambacho maji yanaweza kukibeba. Gramu 2 kwenye kilo. Nakupa 2 wala si 3 kwa sababu mzigo wako unaweza kupanda basi la usiku ukafikia Limuru, na maji ya baridi hubeba kidogo zaidi.

Tengeneza hivi. Maji gramu 718, gliserini 80, mafuta ya alizeti 70, vaselini 40, nta ya kuunganishia maji na mafuta 60, panthenoli ya D 20, alantoini 2, na kihifadhi chenye fenoksiethanoli 10. Jumla ni gramu 1,000. Maji yasiwe ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi inaweza kuilegeza krimu ikaachana. Tumia yaliyosafishwa, na kati ya hizo 718 tenga gramu 40, uzichemshe na kuziacha zipoe pembeni zikiwa zimefunikwa.

Alantoini inaingia kwenye maji mengi yaliyobaki pamoja na gliserini, unapasha hadi nyuzi 75 ukikoroga. Hapo ndipo mahali pake pekee. Mulika na tochi ya simu: usiridhike mpaka maji yawe safi kabisa, pasiwe na vumbi linalozunguka. Mafuta, vaselini na nta vipashe kwenye sufuria nyingine hadi joto lile lile. Mimina mafuta kwenye maji, piga kwa mashine dakika tatu nne, kisha endelea kukoroga kwa mwiko mpaka ikaribie kupoa. Usiiache ipoe yenyewe.

Ikishafika nyuzi 40, uivumilie mkononi bila kuruka, changanya panthenoli na yale maji gramu 40 yaliyotengwa, mimina, kisha kihifadhi. Panthenoli haipikwi. Joto kali likikaa nayo inavunjika, na nyumbani hutaijua kwa harufu wala kwa rangi; utakuwa umelipa hela na umebaki na jina tu. Asidi kali na alkali pia zinaivunja pole pole. Ipime krimu kwa karatasi ya pH, iwe kati ya 5 na 6. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaotengeneza krimu kwa njia ya zamani, kwa asidi ya steariki na boraksi au magadi ya sabuni, na krimu hiyo hutoka na pH ya 8 hivi. Ndani yake panthenoli haitakaa. Kama ndiyo njia yako, badilisha njia kwanza au acha panthenoli.

Mwisho pima sufuria. Maji yaliyotoka na mvuke yarudishe, vinginevyo utakuwa umepunguza maji na kuipa alantoini sababu ya kurudi kuwa mchanga. Weka kikopo kimoja kwenye friji na kingine kabatini, uvitazame baada ya wiki mbili. Kile cha friji kikiwa laini, uko salama.

Vile vingine wanavyoviita vya kutuliza sitavimaliza vyote. Bisabololi, inayotokana na kamomili au kutengenezwa kiwandani, huyeyuka kwenye mafuta na hutiwa gramu 1 hadi 5 kwa kilo. Ni nzuri kwa wekundu, lakini haijengi ukuta. Niasinamidi kwa asilimia 2 hadi 5 inaujenga, na kama siku moja utataka kitu cha pili baada ya panthenoli, hicho ndicho ningekichagua. Mshubiri uliokatwa uani usiutie kabisa. Najua unavyopendwa. Utomvu wake ni chakula cha bakteria na kuvu, kihifadhi chako cha gramu 10 hakikupangiwa mzigo huo, na kwa joto letu krimu inaweza kuoza kabla haijanuka. Na mentholi haitulizi, inaleta ubaridi tu. Ngozi iliyopasuka huichoma.

Kuna kutuliza kwingine kusikogharimu kitu, nako ni kuondoa. Ikiwa unatia manukato, au mafuta ya mkaratusi, ya karafuu, ya mchaichai, yatoe kwenye krimu ya mama fua. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyowapa watu mzio wa ngozi mara nyingi zaidi. Hakuna panthenoli itakayotuliza wakati karafuu inawasha ndani ya kopo hilo hilo. Nimeona krimu nyingi zikiwa bora kwa kutolewa kitu kuliko kwa kuongezwa.

Sasa hesabu ya bei. Kwa bei uliyonunulia, panthenoli gramu 20 ni shilingi 120, alantoini gramu 2 ni shilingi 12. Kilo inatoa makopo kumi ya gramu 100, kwa hiyo kila kopo limepanda shilingi 13 na senti. Ongeza hizo na chako kidogo juu. Kuongeza bei maradufu kwa shilingi 13 kwa mwanamke anayelipwa kwa kufua beseni, mimi siwezi kukushauri.

Usitie kitu kabla hujajua kama wateja wako wanakihisi. Tengeneza nusu kilo bila panthenoli, ukiweka maji mahali pake, na nusu kilo yenye panthenoli, alantoini iwe sawa kote. Makopo yafanane, moja liandike A na jingine B, na anayegawa asijue lipi ni lipi. Tafuta mama fua kumi. Watano wapake A mkono wa kulia na B wa kushoto, watano kinyume chake, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaosugua na huwa umeumia zaidi. Wiki tatu, kila baada ya kufua na kila usiku. Usiwaulize ipi nzuri, maana mtu hukujibu la kukupendeza. Hesabu nyufa za kila mkono siku ya kwanza na ya mwisho. Wapitishe kila mkono juu ya mtandio wa hariri, uone upi unakwamakwama. Waulize upi unawasha wakikamua ndimu. Ukiona watu saba au wanane wanaelekea upande mmoja na huo ndio wenye panthenoli, umepata jibu la wateja wako. Wakigawanyika nusu kwa nusu, hela hiyo ipeleke kwenye vaselini na glovu.

Nawe ukitaka kuzijua krimu za dukani unazoshindana nazo, soma orodha iliyo nyuma. Vitu vilivyozidi asilimia 1 hupangwa kuanzia kingi hadi kidogo. Vilivyo chini ya hapo vinaweza kupangwa vyovyote. Fenoksiethanoli kwa kawaida haizidi asilimia 1, Ulaya huo ndio ukomo wa kisheria. Basi panthenoli ikiandikwa baada yake, jua nayo haifiki zaidi ya 1, hata kama mbele ya kopo jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kuna mikono ambayo krimu yako haitaifaa, na ni vizuri uitambue kabla hujauza. Mkono unaotoa maji, uliovimba, wenye malengelenge madogo yanayowasha usiku, au mmoja tu uliobadilika huku mwingine mzima, huo unataka daktari wa ngozi. Huenda ni ukurutu uliokomaa, fangasi, au mzio wa kitu anachoshika. Panthenoli yenyewe, ingawa ni nadra, huwapa watu wachache mzio. Mwenye wasiwasi apake kidogo kwenye kikunjo cha kiwiko asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya kuitumia mikononi. Pakiwasha na kuwa pekundu, aiache.

Na akikujia mtu akakushauri utie tyubu ya betamethasoni au klobetasoli ndani ya krimu "ili itulize haraka", mkatalie. Itatuliza kweli, kwa siku mbili. Kisha itaifanya ngozi ya mteja wako kuwa nyembamba, na siku akiacha, wekundu utarudi mkali kuliko mwanzo. Mteja anayekuambia krimu ya jirani inatuliza usiku mmoja, mwambie wazi kwamba panthenoli haiwezi hivyo, na kwamba kasi hiyo inatia shaka. Kwenye karatasi ya kopo lako andika "hulainisha na kusaidia ngozi kavu". Ukiandika "hutibu ukurutu" umeshaiita dawa, na dawa iko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Ile kilo yenye mchanga usiichemshe upya. Ili gramu 20 zile zitoshee ungelazimika kuichanganya na krimu nyingine mpaka zifike kilo kumi, na panthenoli iliyomo ingepikwa njiani. Haina madhara, isipokuwa inakwaruza na kunata. Ipake wewe na wa nyumbani kwenu visiginoni usiku, mvae soksi juu yake. Pale mchanga hausumbui, na gramu 50 za panthenoli hazitakuwa zimepotea.